Shahidi Anakumbuka, au Ni Mwepesi wa Kusema Ndiyo?

Mwaka 1936, katika hukumu ambayo wanasheria huiita kesi ya Mwango, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza namna polisi wanavyopaswa kuendesha gwaride la utambuzi. Mtuhumiwa apangwe pamoja na watu wasiopungua wanane, wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Shahidi aambiwe kwamba anayeshukiwa huenda yumo kati yao, na huenda hayumo. Asiambiwe, "Chagua mtu."

Sharti hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini limebeba jambo zito. Sura ya mhalifu ambayo shahidi aliondoka nayo siku ya tukio haiongezeki wala haipungui kwa sababu ya maneno mawili ya ofisa wa polisi. Kinachobadilika ni kile ambacho shahidi anaridhika nacho kabla ya kunyoosha kidole. Akiamini kwamba mhalifu yumo, hata kufanana kidogo kutamtosha.

Mwaka 1981 wanasaikolojia Roy Malpass na Patricia Devine walilijaribu jambo hilo huko Marekani. Wanafunzi walishuhudia mtu akifanya uharibifu ambao, bila wao kujua, ulikuwa wa kuigiza. Baadaye waliletwa mbele ya gwaride. Kwa baadhi yao mhalifu hakuwemo kabisa, hivyo kumchagua yeyote lilikuwa kosa. Walioelezwa kana kwamba mhalifu yumo walichagua mtu kwa asilimia 78. Walioambiwa kwamba huenda hayumo walikosea kwa asilimia 33. Tukio lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni maelekezo.

Ili kuona jinsi watafiti wanavyotenganisha kumbukumbu na wepesi huo wa kukubali, tuchukue jaribio la maneno. Mtu anasoma maneno 100. Kesho yake anaonyeshwa maneno 200, yale 100 ya jana yakiwa yamechanganywa na mapya 100, na kwa kila neno anajibu kama aliliona au hakuliona. Tuseme Asha anakubali maneno 84 kati ya yale ya jana, na Juma anakubali 50 tu. Mtu angesema upesi kwamba Asha ana kumbukumbu nzuri kuliko Juma.

Lakini tazama maneno mapya. Asha ameyakubali 50, ingawa hajawahi kuyaona. Juma amekubali 16.

Sasa picha imegeuka, na mtu anaweza kushawishika kusema kwamba Juma ndiye bora. Hapo ndipo nadharia ya ugunduzi wa ishara inapofaa. Inachukulia kwamba kila neno huamsha kichwani hisia fulani ya kulifahamu, kali au hafifu. Maneno ya jana kwa wastani huamsha hisia kali zaidi, ila si yote: lipo la jana lililofifia, na lipo jipya linaloonekana kama la zamani. Makundi haya mawili yanapandiana. Kwa kuwa hakuna mahali yanapoachana kabisa, kila mtu hujiwekea mpaka: hisia ikiuvuka anasema ndiyo, isipoufikia anasema hapana. Umbali kati ya vilele vya makundi hayo ndio uwezo wa kutofautisha. Mahali mpaka ulipowekwa ni suala jingine kabisa.

Hesabu yake ni fupi. Kila sehemu ya majibu ya ndiyo hugeuzwa kuwa alama ya z, yaani umbali kutoka katikati kwa vipimo vya mkengeuko sanifu. Asilimia 84 ni karibu 1, asilimia 50 ni 0, na asilimia 16 ni karibu −1. Kisha alama ya ndiyo potofu, F, hutolewa kwenye alama ya ndiyo sahihi, H:

```
d' = z(H) − z(F)
Asha:  1 − 0    = 1
Juma:  0 − (−1) = 1
```

Wamelingana. Kumbukumbu ya Asha haimzidi Juma, wala ya Juma haimzidi Asha. Kinachowatofautisha ni mpaka, unaopatikana kwa kujumlisha alama hizo mbili, kugawa kwa mbili na kugeuza ishara: kwa Asha ni −0.5, mtu mwepesi wa kukubali. Kwa Juma ni 0.5, mtu mzito wa kukubali. Anayehesabu majibu sahihi ya maneno ya jana peke yake hawezi kuuona ukweli huu, hata akiwapima watu elfu.

Fikra hizi zilikua kutoka kwenye kazi ya rada, ambako mtu alitazama kioo akijiuliza kama alama hafifu ni ndege au ni vurugu za mitambo. Mwaka 1954 Wilson Tanner na John Swets wa Chuo Kikuu cha Michigan walizipeleka kwenye uoni wa binadamu. Imani kongwe ilikuwa kwamba hisi ina kizingiti: mwanga ulio chini yake hauonekani kabisa. Jaribio moja la kundi hilo lilinasa udhaifu wa imani hiyo vizuri sana. Mtazamaji alipewa vipindi vinne vifupi, kimoja tu kikiwa na mwanga, akataja alichodhani ndicho, kisha akataja chaguo la pili. Kama kweli hakuona chochote pale alipokosea mara ya kwanza, chaguo la pili lingekuwa kubahatisha tu kati ya vipindi vitatu vilivyobaki, na lingepatia mara moja kwa tatu. Watazamaji walipatia zaidi ya hapo. Jicho lilikuwa limepokea kitu ambacho jibu la kwanza halikukionyesha.

Hata hivyo, d' ina masharti. Hesabu ile ya Asha na Juma inadhani kwamba makundi mawili yametawanyika kwa kiasi sawa. Katika kumbukumbu, mara nyingi maneno ya zamani hutawanyika zaidi kuliko mapya, pengine kwa sababu mengine yalisomwa kwa makini na mengine yalipitiwa tu. Hapo d' ya mtu yuleyule inaweza kubadilika anaposogeza mpaka tu. Dawa yake ni kuuliza pia kiwango cha uhakika, tuseme kuanzia 1 hadi 6. Kila kiwango ni mpaka wake, na ukichora ndiyo sahihi dhidi ya ndiyo potofu kwa kila mpaka, unapata mkunjo. Mkunjo ulio juu zaidi ndio wenye uwezo mkubwa zaidi wa kutofautisha; nukta mbili zilizo kwenye mkunjo mmoja zinatofautiana kwa tahadhari tu.

Mkunjo huo ulizua ubishi mkali katika utafiti wa magwaride. Tangu miaka ya 1980 watafiti wengi walisifu utaratibu wa kumwonyesha shahidi sura moja moja badala ya zote kwa pamoja, kwa kuwa ulipunguza kuchagua wasio na hatia. Mwaka 2012 Laura Mickes, Heather Flowe na John Wixted waliichora mikunjo hiyo, wakaona kwamba kuonyesha sura zote pamoja hakukuwa duni, na pengine kulikuwa bora. Kwa mtazamo wao, utaratibu wa sura moja moja ulikuwa umewafanya mashahidi wazito wa kuchagua, bila kuwaongezea uwezo wa kutofautisha mhalifu na asiye na hatia. Uzito huo unawaokoa wasio na hatia, lakini unawaachilia pia baadhi ya wahalifu, na uzito wa namna hiyo ungeweza kupatikana kwa kupuuza tu utambuzi wa mashahidi wasio na uhakika.

Ripoti ya mwaka 2014 ya Baraza la Kitaifa la Utafiti la Marekani haikutangaza utaratibu upi ni bora. Ilipendekeza ofisa anayeendesha zoezi asijue mtuhumiwa ni nani, na kiwango cha uhakika wa shahidi kiandikwe kwa maneno yake mwenyewe palepale anapotambua mtu, kabla hajaambiwa kama amepatia.