Jina Lilelile, Akaunti Nyingine

Kati ya 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alizilaghai Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120. Zote mbili zilikuwa zikinunua vifaa kwa Quanta ya Taiwan. Basi akasajili kampuni ya jina hilohilo nchini Latvia, akaifungulia akaunti, na barua pepe za kughushi zikaelekeza malipo huko. Mwaka 2019 alifungwa miaka 5.

Kukagua jina la mwenye akaunti kusingetosha, maana lililingana. Akaunti ikibadilika, mhasibu ampigie muuzaji kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu awali, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe. Kisha mtu wa pili aidhinishe, baada ya kulinganisha ankara na oda pamoja na hati ya kupokelea mzigo.