Barua ya Chama cha Wakulima kwa Kampuni Inayouza Maparachichi Nje

Barua ya kuomba ushirikiano wa kibiashara ni andiko ambalo chama kidogo cha wakulima hupeleka kwa kampuni kubwa inayouza mazao nje, kikieleza kina mzigo gani, kinataka nini, na kila upande utapata nini. Barua hiyo si mkataba, wala haimfungi yeyote. Hata hivyo, kiasi na masharti yaliyotajwa humo ndiyo yatakayowekwa mezani siku ya mazungumzo, na chama kilichoahidi kisichokuwa nacho huanza mazungumzo kikiwa kimeshadaiwa.

Mfano mzuri ni wa maparachichi aina ya Hass yanayolimwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kama vile Njombe na Rungwe. Tuseme chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, kina wanachama 120 wenye jumla ya miti 2,000 inayozaa. Kila mti ukikadiriwa kutoa kilo 40 kwa msimu, mavuno yote ni tani 80. Si yote yatakayokwenda nje, kwa sababu mengine ni madogo, yana makovu au yameliwa na wadudu. Sehemu yenye ubora wa kusafirishwa ikiwa asilimia 60, chama kina tani 48 za kuuza. Barua yenye busara itaahidi tani 40, kwa kuwa mvua ya mawe au wanachama wachache waliouza pembeni wanaweza kupunguza mzigo. Makadirio hayo yanapaswa kutokana na kuhesabu miti shamba kwa shamba, wala si idadi ya miche iliyogawiwa miaka iliyopita, ambayo mingi huwa imekufa au bado haijazaa.

Baada ya kiasi, barua ieleze kampuni itanufaika vipi, na hapo ndipo nyingi hupwaya. Waandishi hujaza kurasa kueleza umaskini wa wanachama na ubovu wa barabara, mambo ambayo ni ya kweli lakini hayamwambii mnunuzi kwa nini anunue. Kampuni ina shida zake. Kontena la baridi la futi 40 hubeba takribani tani 22 za matunda yaliyopangwa kwenye maboksi. Kwa chama cha mfano huu, kila mwanachama ana wastani wa kilo 400 za kusafirishwa, hivyo kontena moja ni mavuno ya watu 55. Kampuni ikiwafuata mmoja mmoja, gari litazunguka siku kadhaa huku matunda ya kwanza yakipata joto. Chama kinachoweza kuandika kwamba siku ya kuchuma mzigo wote utakuwa kwenye kituo kimoja, chini ya kivuli, umepimwa na kuandikwa jina la shamba ulikotoka, kimeiondolea kampuni gharama inayoijua vizuri.

Ukomavu ni shida nyingine ambayo barua inaweza kuitatua. Parachichi haliivi likiwa mtini, na rangi ya ganda la Hass likiwa bado juu haitoshi kuonyesha kama limekomaa. Kipimo kinachotumika ni kiasi cha ukavu wa nyama ya tunda: gramu 100 za nyama mbichi hukaushwa kabisa, kisha hupimwa tena. Yakibaki mabaki ya gramu 24, ukavu ni asilimia 24, kiwango ambacho wanunuzi wengi wa Hass hukitumia kama kianzio. Tunda lililochumwa kabla ya hapo husinyaa na kuwa gumu kama mpira, na kwa kuwa safari ya meli hadi Ulaya huchukua wiki nne au zaidi, kasoro hiyo hugunduliwa huko huko, mzigo ukiwa umeshagharimiwa. Chama kikiandika kwamba hakuna mwanachama atakayechuma kabla sampuli za shamba lake hazijapimwa, na kwamba wachumaji watatumia mikasi na kuacha kikonyo kifupi kwenye tunda, kampuni itaona inaongea na watu wanaoijua kazi.

Upande wa chama, jambo la kwanza ni bei, lakini bei pekee haitoshi. Madalali hufika shambani na fedha taslimu, na mkulima mwenye karo ya kulipa hawezi kusubiri malipo ya miezi miwili. Pendekezo linalofaa ni bei ya chini isiyoshuka, inayopitiwa kila baada ya wiki mbili kulingana na soko, pamoja na malipo ndani ya siku saba tangu kupima. Ahadi ya kuzuia uuzaji wa pembeni bila malipo ya haraka haitekelezeki, na ni afadhali barua iseme hivyo waziwazi.

Suala linalozua ugomvi mwingi kuliko bei ni mahali pa kuchambua matunda. Yakichambuliwa kwenye kiwanda cha kufungasha kilicho mbali, mkulima huletewa taarifa tu kwamba theluthi ya mzigo wake imekataliwa. Hayaoni matunda hayo wala hayapati tena. Barua iombe uchambuzi ufanyike kwenye kituo cha chama, mbele ya mwakilishi wa kampuni na karani wa chama, ili yaliyokataliwa yabaki kwa mkulima ayauze kwa wakamua mafuta au soko la ndani. Katika mfano huu hayo ni tani 32, mali ambayo haifai kuachwa ipotee kimyakimya. Kiwandani yabaki kukaguliwa madhara ya njiani tu, na ielezwe nani anayabeba.

Cheti nacho kina mtego wake. Wanunuzi wa Ulaya kwa kawaida hudai cheti cha GLOBALG.A.P., ambacho kundi la wakulima linaweza kukipata kwa pamoja. Kampuni ikilipia, mara nyingi huwa ndiyo mwenye cheti, na ushirikiano ukivunjika wakulima hawawezi kukitumia kuuzia mwingine. Ni halali kwa kampuni kulinda fedha yake. Chama kinaweza kupendekeza gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye malipo ya misimu mitatu, kisha cheti kiwe cha chama.

Chama pia lazima kipige hesabu ya uhai wake. Kikikata shilingi 60 kwa kilo, tani 40 zitakipa shilingi 2,400,000 kwa msimu. Fedha hiyo ikishindwa kulipa karani, mizani na ulinzi wa kituo, ushuru uongezwe au kampuni iombwe kuchangia gharama za kukusanya, na barua itaje kiasi.

Kabla ya kutumwa, mapendekezo yapitishwe na mkutano mkuu wa wanachama, kwa sababu bodi haiwezi kuahidi matunda ya watu ambao hawajaulizwa. Barua ikiomba mbolea au viuatilifu kwa mkopo, chama kiwe na ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mrajisi wa vyama vya ushirika. Barua yenyewe isizidi kurasa mbili, ikiwa na kumbukumbu namba, kichwa cha habari kinachotaja zao na tani, na sahihi za mwenyekiti na meneja. Viambatanishwe nakala ya hati ya usajili, orodha ya mashamba na idadi ya miti, na muhtasari wa mkutano huo. Mstari wa mwisho upendekeze tarehe ya wajumbe wa kampuni kutembelea mashamba, miezi kadhaa kabla ya kuchuma, wakati matunda yangali madogo na bado kuna muda wa kurekebisha upuliziaji wa dawa na kuandaa kituo.