Kukata projeti ya kurasa 22 ibaki noti ya kurasa 2: nini inabaki, nini inatoka

Wafadhili wengi wa utafiti hawapokei tena dosie nzima mara ya kwanza. Wanaomba kwanza noti fupi ya kurasa mbili ao tatu, wanachuja, na wale waliopita njo wanaombwa projeti kamili. Wengi wetu tuko na projeti nzuri ya kurasa ishirini na zaidi, lakini inabaki mlangoni juu haikukatwa vizuri.

Tuelewane kwanza juu ya kazi ya ile noti. Msomaji wa mchujo wa kwanza hachunguzi kama metodi yako iko sawa mpaka mwisho. Ile ni kazi ya ma-eksperti wa hatua ya pili. Yeye iko na rundo la noti mbele yake na swali moja tu: je, hii inastahili tuombe projeti nzima? Tena mara nyingi hakusoma fani yako. Kwa hiyo, ukipunguza kila sehemu kwa kipimo kimoja, utaharibu. Historia ya tatizo itabaki ndefu, na swali lako, lenye lilikuwa na mistari mitatu tu, litabaki na mstari mmoja wenye hauonekani.

Tuchukue mfano wa kutunga. Asista mmoja wa agronomia iko na projeti juu ya mnyauko wa migomba katika teritware ya Kabare, Kivu ya Kusini. Ule ugonjwa unaletwa na bakteria yenye kuitwa Xanthomonas. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukizipasua ndani iko rangi ya kutu. Unaenezwa na wadudu wenye kutembelea ua la mgomba, na zaidi na panga yenye kutoka shamba moja kuingia lingine bila kusafishwa. Projeti yake iko na kurasa 22, malengo manne, na bajeti ya dola 61 000. Mfadhili anaomba maneno 1 000.

Kitu cha kwanza: asifungue ile dosie ndefu na kuanza kufuta. Afungue ukurasa mweupe, aandike bila kuangalia projeti: tatizo ni gani, swali langu ni gani, nitafanya nini, wapi na kwa muda gani, nani atatumia matokeo, inaomba pesa ngapi. Chenye kinatoka kichwani bila msaada njo mifupa ya noti. Kisha anagawa maneno: 200 kwa tatizo, 150 kwa swali na upya wake, 300 kwa metodi, 150 kwa matokeo na wenye watayatumia, 100 kwa timu, 100 kwa muda na bajeti.

Sasa tatizo. Katika projeti, kurasa sita zinaanza na chakula katika dunia, kisha Afrika, kisha Kongo, kisha Kivu. Katika noti, anaanzia Kabare moja kwa moja: «Katika Kabare, mgomba njo chakula na njo kasiksi yenye kulipa minervali ya watoto. Mnyauko unaua migomba, na tunajua dawa yake: kukata shina lenye ugonjwa peke yake, chini kabisa karibu na udongo, bila kungʼoa shina zote, kuvunja ua la dume kwa kijiti, na kusafisha panga kwa moto ao javeli. Lakini familia moja ikifanya vile na jirani hafanyi, ugonjwa unaweza kurudi.» Msomaji wa fani yoyote amekwisha kuelewa, na ule mstari wa mwisho unamsukuma kwenye swali.

Swali njo mahali pa kukata kwa ujasiri. Malengo yalikuwa manne: kupima ukubwa wa ugonjwa, kuchunguza aina za bakteria katika labo, kulinganisha namna mbili za kupigana nao, na kupima hasara ya familia. Akiacha yote manne, msomaji ataona projeti nne ndogo. Anabakisha la tatu kama swali kubwa: «Je, ugonjwa unapungua haraka zaidi wakati majirani wote wanakata siku moja kila juma, kuliko wakati kila familia inakata kwa saa yake?» La kwanza linaingia ndani yake kama kipimo, juu ni lazima ahesabu shina zenye ugonjwa. La nne linabaki mstari mmoja katika matokeo. Lile la labo linatoka kabisa. Ni zuri, lakini halijibu lile swali.

Katika metodi, fomila ya kuhesabu idadi ya familia inatoka. Idadi yenyewe inabaki. Jina la programu ya takwimu linatoka. Kitu chenye kinalinganishwa kinabaki. Inakuwa hivi: «Vijiji 12, familia 20 kwa kila kimoja, jumla familia 240. Kwa kura, vijiji 6 vitakata pamoja siku moja, na 6 vitaendelea kila familia kivyake. Wote watapata mafunzo na javeli sawasawa. Kila mwezi, kwa miezi 18, tutahesabu shina zenye ugonjwa kati ya shina zote.» Aongeze mstari mmoja juu ya ruhusa ya familia na machefu, na mwingine juu ya usalama na barabara: kama kijiji kimoja hakifikiki, kingine cha akiba kimekwisha kuchaguliwa. Ile mistari miwili wengi wanaifuta ya kwanza, na kumbe msomaji wa mbali anajiuliza: huyu atafika kweli?

Hatari kubwa inakuja baada ya kukata: vitu vyenye vinabaki yatima. Lengo la labo limetoka, lakini bajeti ingali na dola 23 000 za labo. Lazima zitoke pia, jumla ishuke kutoka 61 000 mpaka 38 000: ankete na usafiri 21 000, mafunzo na vifaa 9 000, kuchambua na kurudisha matokeo kwa wakulima 4 000, usimamizi 4 000. Mtu wa labo naye hana tena nafasi katika timu. Utafute pia «tazama tabelo ya 3» yenye haiko tena, na vifupisho vyenye vilielezwa katika sehemu yenye umefuta. Uchukue kalamu, uzungushe kila namba, uone kama ni ileile mahali pote. Na kama unajaza fomilere ya mtandao, angalia kama wanahesabu maneno ao herufi. Kuko visanduku vyenye kukata sentensi yako katikati bila kukuambia.

Mwishoni, mupe noti mwenzetu wa sheria ao wa ekonomi. Asome dakika tano, uichukue, umuulize: tatizo ni gani, wanalinganisha nini, wapi, na nani atafaidika? Asipojibu swali la pili, usimuelezee kwa mdomo, juu hautakuwa pale wakati msomaji wa mfadhili anasoma. Rudi uandike upya ile sentensi.

Vyenye umekata usivitupe. Viweke katika dosie ya pembeni, juu ukipita, watakuomba fomila, kalenda na marejeo yote. Lakini familia 240, miezi 18 na dola 38 000 vyenye uliandika katika noti, njo vyenye watatafuta katika projeti kamili. Ukibadilisha kimoja, andika waziwazi juu ya nini.