Salamu za Ofisi Kwenye Msiba wa Dereva

Mazikoni, mwakilishi wa ofisi huitwa kutoa salamu baada ya wasifu wa marehemu kusomwa. Hana muda mrefu, dakika tatu hivi, na wengi huzimaliza kwa kurudia yaliyokwisha kusomwa: mwaka wa kuajiriwa, uchapakazi, pengo lisilozibika. Maneno hayo yangemfaa hata mhasibu. Wafiwa wanashukuru, lakini hawajapata lolote jipya kuhusu baba yao.

Nyumbani wanamjua dereva aliyerudi. Aliyekuwa barabarani tunamjua sisi tuliopanda gari lake, na huyo ndiye tunayepaswa kumsimulia.

Pa kuanzia ni daftari la safari. Kila mstari una tarehe, alikokwenda, kilomita, na sahihi ya aliyebebwa. Usiende na kilomita mazikoni. Fuata zile sahihi. Wapigie wenyewe, wakiwemo waliohama na kustaafu. Ukiwauliza alikuwa mtu wa namna gani, watakujibu kuwa alikuwa mtu wa watu. Waulize badala yake: mkiwa safarini, alikuwa akifanya nini ambacho madereva wengine hawafanyi?

Tuseme umepata mambo mawili. La kwanza ni la mteremko wa Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, ambako breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. La pili ni la usiku mjini. Salamu zinaweza kuwa hivi:

“Mama, zile siku alizochelewa kurudi, alikuwa anaturudisha sisi. Tukikaribia kuteremka Kitonga alizima redio na kuingiza gia ndogo, nasi tulinyamaza bila kuambiwa. Malori yakitupigia honi nyuma, hakuongeza mwendo. Tukifika mjini usiku, alimpeleka kila mmoja hadi kwake, akamulika mlango kwa taa za gari, na hakuondoka mpaka mlango ufunguliwe. Watoto, wengi wetu tuna watoto wa umri wenu waliotufungulia milango hiyo. Asanteni kwa kutuazima baba yenu.”

Hapo hakuna sifa hata moja iliyotajwa, na kila aliyeko msibani ameelewa alikuwa mtu gani.

Kuna ya kuacha. Dereva husikia mengi kutoka kiti cha nyuma: ugomvi wa wakubwa, simu za nyumbani, mipango ya uhamisho. Kama aliyafunga moyoni miaka yote, usiyafungue wewe, hata kwa nia ya kuchekesha. Usitaje ajali ambayo familia haikuwahi kuambiwa. Kabla ya kusimama, msomee mwanafamilia mmoja ulichoandika, akusahihishe jina alilopenda kuitwa na namna ya kumtaja mjane, au wajane.

Na ikiwa dereva wenu wa siku nyingi bado yuko hai, yaandike hayo sasa, kisha msomee siku ya kuagwa akistaafu.