Mishale Minane: Kuchora Kiunzi Dhana cha Pendekezo la Utafiti wa Elimu

Mwanafunzi anayeandaa pendekezo la utafiti wa kitakwimu huchora kiunzi dhana siku ya mwisho. Anachora kisanduku upande wa kushoto, kingine upande wa kulia, anaweka mshale katikati, kisha chini anaongeza kisanduku cha tatu kilichoandikwa «mambo ya kijamii». Msimamizi anatazama, anatikisa kichwa, na mwanafunzi hajui kosa liko wapi. Makala hii inachukua swali moja linalotuhusu sisi watu wa lugha hapa Lubumbashi, na kulichorea kiunzi hatua kwa hatua.

Swali ni hili: je, mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili katika darasa la kwanza na la pili anaelewa matini ya Kifaransa vizuri zaidi, au vibaya zaidi, kuliko mwenzake aliyeanza na Kifaransa moja kwa moja? Sheria ya mfumo wa elimu ya mwaka 2014 inakitaja Kifaransa kuwa lugha ya elimu, na papo hapo inaruhusu lugha za taifa au za mazingira zitumike kufundishia. Mjini kwetu shule nyingi za binafsi huanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo pande mbili za ulinganisho zipo. Na jibu likikosewa, hasara ni kubwa: mtu anaweza kuandika kwamba Kiswahili kinawarudisha watoto nyuma, na takwimu zake zikaonekana kumuunga mkono, kumbe kosa lilikuwa kwenye mchoro.

Tuanze na nadharia, kwa sababu visanduku havitoki hewani. Mwaka 1986 Gough na Tunmer walipendekeza kwamba uwezo wa kuelewa maandishi unatokana na mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Waliandika hivi:

```
R = D × C
```

R ni ufahamu wa kusoma, D ni kutambua maneno, C ni kuelewa lugha kwa kusikia. Alama ya kuzidisha ina maana yake. Mtoto anayesoma kila neno la Kifaransa kwa sauti bila kuelewa lugha hiyo anapata sifuri. Anayekielewa Kifaransa kwa masikio lakini hajui herufi, naye anapata sifuri.

Nadharia hii inatupa vigeu vya kati viwili. Kigeu huru ni lugha ya kufundishia katika madarasa mawili ya mwanzo. Kigeu tegemezi ni ufahamu wa matini ya Kifaransa mwishoni mwa darasa la tatu. Kati yao kuna njia mbili. Ya kwanza: mtoto aliyejifunza herufi kwa lugha anayoijua anazikamata mapema, na ujuzi huo anauhamishia kwenye Kifaransa, kwa kuwa herufi ni zile zile za Kilatini. Ya pili: mtoto huyo huyo amesikia Kifaransa kidogo zaidi darasani, kwa hiyo masikio yake yako nyuma. Njia moja inamsaidia, nyingine inampunguzia.

Kisha tunauliza: ni nini kinachoamua mtoto aende shule ipi? Mara nyingi ni mfuko wa wazazi na lugha wanayoipenda nyumbani. Familia yenye uwezo inalipa shule ya Kifaransa, na ndiyo hiyo hiyo yenye televisheni, vitabu, na mjomba anayeongea Kifaransa mezani. Hali ya nyumbani inasukuma kigeu huru na kigeu tegemezi kwa pamoja. Kigeu cha namna hii tunakiita kigeu vurugaji, na mishale yake lazima ionekane.

Mwisho tunaongeza ukubwa wa darasa. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika. Katika darasa lililojaa mno, faida ya kufundishwa kusoma kwa Kiswahili inaweza kupungua, kwa sababu mwalimu hamfikii kila mtoto. Hapa ukubwa wa darasa unabadilisha nguvu ya mshale mwingine. Hicho ni kigeu rekebishi. Mshale wake hauelekei kwenye kisanduku, unagusa mshale katikati. Baron na Kenny walieleza tofauti ya kigeu cha kati na kigeu rekebishi katika makala yao ya mwaka 1986, na bado ndiyo sehemu inayowachanganya wengi.

Kabla ya kuchora, andika mishale yote kwa orodha:

```
nyumbani -> lugha
nyumbani -> kusoma
nyumbani -> kusikia
lugha    -> kusoma
lugha    -> kusikia
kusoma   -> ufahamu
kusikia  -> ufahamu
darasa   -> (lugha -> kusoma)
```

Mishale minane. Ukiwa na orodha hii, kuichora kwenye karatasi ni kazi ya dakika kumi: nyumbani kushoto kabisa, lugha baada yake, kusoma juu na kusikia chini, ufahamu kulia. Wakati unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na hakuna mshale unaorudi nyuma.

Tazama pia mshale ambao haupo. Hakuna mshale kutoka lugha kwenda ufahamu moja kwa moja. Hatukuusahau: tunadai kwamba athari yote ya lugha ya kufundishia inapita ama kwenye kusoma ama kwenye kusikia, kama fomula ilivyosema. Mshale usiochorwa nao ni dai, na msimamizi ana haki ya kuuliza sababu yake.

Sasa faida ya kuwa na njia mbili. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba baada ya hesabu mshale wa lugha kwenda kusoma una nguvu ya 0.5, na wa kusoma kwenda ufahamu 0.4. Nguvu ya njia nzima hupatikana kwa kuzidisha: 0.20. Mshale wa lugha kwenda kusikia una −0.3, na wa kusikia kwenda ufahamu 0.5, njia hiyo inatoa −0.15. Ukijumlisha, athari nzima ni 0.05, karibu na sifuri. Mtafiti mwenye visanduku viwili na mshale mmoja angeandika kwamba lugha ya kufundishia haina athari. Mwenye kiunzi chetu angeona athari mbili zinazovutana, na angependekeza jambo la maana: kuwafundisha watoto kusoma kwa Kiswahili, huku wakipewa saa nyingi zaidi za kusikia na kuongea Kifaransa. Hesabu hii ya kujumlisha ni makadirio, kwa kuwa fomula yenyewe inazidisha D na C. Kama data inatosha, unaweza kuingiza zao la vigeu hivyo viwili na kuangalia kama linabadilisha picha.

Mchoro unakuambia pia cha kudhibiti na cha kutodhibiti. Ukitaka athari nzima ya lugha, dhibiti hali ya nyumbani, usidhibiti kusoma wala kusikia. Wanafunzi wengi huingiza kila kigeu walichonacho kwenye modeli wakidhani ni uangalifu. Ukidhibiti kusoma, umeifunga njia ambayo Kiswahili kinafanyia kazi, halafu unashangaa kwamba hakifanyi kazi.

Baada ya mchoro, kila kisanduku lazima kipate kipimo. Kusoma: idadi ya maneno ambayo mtoto anasoma sawasawa kwa dakika moja. Hali ya nyumbani: orodha ya vitu kama umeme, friji na vitabu, pamoja na lugha inayoongewa na wazazi. Lugha ya kufundishia: usiulize shule tu, maana jina la mpango na sauti ya mwalimu ni vitu viwili tofauti, kaa darasani uhesabu dakika za kila lugha. Na kwa kusoma kwa Kiswahili kuna mtego wa kwetu. Mtoto wa Katuba au Kenya anasema «batoto», kitabu kinaandika «watoto». Akikwama hapo, amekwama kwenye herufi au kwenye Kiswahili cha kitabu? Jaribio lako likichanganya mawili hayo, kisanduku kimoja kimebeba vigeu viwili. Chagua maneno ambayo yako sawa katika Kiswahili cha Lubumbashi na cha vitabu.

Mishale nayo inadai wakati. Ukipima kusoma na ufahamu siku moja, huna njia ya kujua nini kilitangulia. Pima kusoma na kusikia Septemba, darasa la tatu linapoanza, na ufahamu wa Kifaransa mwishoni mwa mwaka wa shule. Miezi hiyo kati ndiyo inayokupa haki ya kuchora kichwa cha mshale.

Kosa la mwisho halionekani kwenye mchoro mpaka uandike chini ya kila kisanduku ni cha mtoto au cha darasa. Lugha ya kufundishia ni ya darasa: watoto wote 50 wanaoketi pamoja wana thamani ile ile. Ukichukua watoto 300 kutoka madarasa sita, kwa kigeu hiki una madarasa sita tu. Hesabu ya upungufu ni hii, m ikiwa idadi ya watoto kwa darasa na ρ kiasi wanachofanana wanaosoma pamoja:

```
1 + (m − 1) × ρ
```

Tukiweka m = 50 na ρ = 0.2, tunapata 10.8. Gawanya 300 kwa 10.8, wanabaki kama 28. Kwa hiyo ni afadhali kuchukua watoto 10 kutoka madarasa 30 kuliko 50 kutoka madarasa sita: watoto ni wale wale 300, lakini kigawanyo kinashuka hadi 2.8, na wanabaki kama 107. Hilo ni jambo la kuamua kabla ya kuomba ruhusa ya kuingia shuleni, kwa sababu baadaye halirekebishiki.

Unapompelekea msimamizi mchoro wako, ambatanisha karatasi moja yenye mistari minane, mstari mmoja kwa kila mshale: nadharia tete yake, alama unayotarajia (chanya au hasi), na kipimo cha visanduku vya ncha zote mbili. Mshale usioweza kuujazia mstari, ufute. Kisanduku kisicho na kipimo, hata kama kinaitwa «mambo ya kijamii», nacho kiondoke.