Namba Moja ya Njia Panda ya Chalinze

Kabla ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata kuwekwa lami, magari yaliyotoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha kwa kawaida yalipitia Chalinze. Ya Morogoro nayo yalipitia hapo hapo. Baada ya lami kuwekwa, msafiri wa kaskazini akapata njia ya pili: anakwenda Bagamoyo, anatokea Msata, na hapo anaikuta barabara ile ile itokayo Chalinze. Kwamba mtandao umeimarika, hilo halihitaji mtaalamu. Umeimarika kwa kiasi gani? Hapo ndipo wanahisabati wanapotoa namba yao moja, na namba hiyo inafaa kujulikana pamoja na hila zake.

Tuikate ramani ibaki na vituo vinne: Dar es Salaam, Chalinze, Msata na Morogoro. Bagamoyo tuichukulie kuwa iko njiani tu, na barabara zitokazo Morogoro kwenda Dodoma na Iringa tuzisahau kwa muda. Michoro ya namna hii, yaani vituo na viungo vinavyoviunganisha, huitwa grafu. Grafu yoyote inaweza kuandikwa kama jedwali la mraba, au matriki: kila kituo kina mstari wake na safu yake, na panapokutana vituo viwili tunaweka 1 ikiwa vina barabara ya moja kwa moja, 0 ikiwa havina. Hii hapa hali ya sasa, kwa mpangilio wa Chalinze, Dar, Msata, Morogoro:

```
0 1 1 1
1 0 1 0
1 1 0 0
1 0 0 0
```

Sasa kipe kila kituo namba 1. Kisha kila kituo kitupe namba yake na kichukue jumla ya namba za majirani zake. Chalinze ina majirani watatu, inapata 3. Dar na Msata zinapata 2 kila moja, Morogoro 1. Jumla ni 8. Rudia: Chalinze 5, Dar 5, Msata 5, Morogoro 3, jumla 18. Ukiendelea, jumla zinakuwa 38, 84, 180, 394.

Namba hizi zina maana. 18 ni idadi ya safari zote za hatua mbili unazoweza kufanya katika mtandao huu, kurudi ulikotoka kukiruhusiwa. 38 ni za hatua tatu, na kadhalika. Gawanya kila jumla kwa iliyotangulia: 2.25, 2.11, 2.21, 2.14, 2.19. Zinapanda na kushuka, lakini kila mara kwa kipimo kidogo zaidi, na mwisho zinatulia kwenye 2.17. Hiyo ndiyo thamani eigeni kubwa kuliko zote ya matriki yetu. Kwa maneno ya kawaida, kila ukiongeza hatua moja, idadi ya safari zinazowezekana huzidishwa kwa takriban 2.17.

Tujaribu hali ya zamani, bila kiungo cha Dar na Msata. Chalinze iko katikati, wengine watatu wanaigusa yenyewe tu. Jumla zinakuwa 4, 6, 12, 18, 36, na ukigawanya unapata 1.5, 2, 1.5, 2, bila kutulia kamwe. Anayehesabu kwa mara ya kwanza hudhani amekosea. Hajakosea. Katika mtandao huo kila hatua inakutoa Chalinze au inakurudisha Chalinze, basi, kwa hiyo hesabu inabembea kati ya pande mbili. Dawa yake ni kutazama hatua mbili mbili: 4 inakuwa 12, 12 inakuwa 36. Kila hatua mbili zinazidisha mara 3, hivyo hatua moja ni kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.73.

Basi barabara moja imeipandisha namba kutoka 1.73 hadi 2.17. Tazama pia kwamba haikuwa wastani tu wa barabara kwa kila kituo. Zamani wastani huo ulikuwa 1.5, sasa ni 2. Na kituo chenye barabara nyingi kuliko vyote kina 3, zamani na sasa. Thamani eigeni kubwa kabisa haiwezi kushuka chini ya wastani huo wala kuvuka idadi hiyo ya juu. Ndani ya mipaka hiyo, namna viungo vilivyopangwa ndiyo inayoamua. Vituo vinne vilivyopangwa mstari mmoja vina viungo vitatu, sawa na Chalinze ya zamani, lakini namba yao ni 1.62 tu.

Hesabu inatupa kitu kingine ambacho mimi nakithamini kuliko namba yenyewe. Tangu kazi za Oskar Perron mwaka 1907 na Georg Frobenius mwaka 1912, inajulikana kwamba ikiwa mtandao umeungana wote, thamani hiyo kubwa huandamana na mgawo mmoja tu wa uzito kwa vituo, na kila kituo hupata kitu. Tukiipa Chalinze uzito wa 1, zamani Dar, Msata na Morogoro zilikuwa na 0.58 kila moja. Sasa Dar na Msata zimepanda hadi 0.85, na Morogoro imeshuka hadi 0.46. Hakuna aliyeigusa barabara ya Morogoro; uzito umehamia upande wenye njia nyingi.

Wanaofuatilia maambukizi wanaijua namba hii kwa sura nyingine. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha, kwa modeli ya virusi vya kompyuta, kwamba kizingiti cha kusambaa ni 1 ikigawanywa kwa thamani hiyo. Kwa mtandao wetu, kizingiti kimeshuka kutoka 0.58 hadi 0.46. Njia inayomrahisishia msafiri inamrahisishia na kirusi.

Hila yenyewe ni hii. Tuseme mafuriko yamekata barabara kati ya Chalinze na Morogoro. Dar, Chalinze na Msata zinabaki pembetatu, kila moja na majirani wawili, na thamani eigeni kubwa inakuwa 2 kamili. Morogoro haifikiki kabisa, lakini 2 ni kubwa kuliko 1.73 ya zamani, wakati kila mtu alifika kila mahali! Anayesoma namba peke yake angesema mambo ni mazuri kuliko zamani. Namba hii hupima mahali mtandao ulipo mzito zaidi. Haiulizi kama kuna aliyeachwa nje. Ishara ya tatizo iko kwenye mgawo wa uzito: Morogoro sasa ina 0.

Kwa swali la kuungana au kutoungana kuna kipimo kingine, ambacho Miroslav Fiedler wa Prague alikieleza mwaka 1973. Huanza na matriki nyingine: kwenye ulalo huandikwa idadi ya majirani wa kila kituo, na kila kiungo huandikwa -1. Kisha huchukuliwa thamani eigeni ya pili kutoka chini. Mtandao uliokatika hupata 0. Kwa vituo vyetu vinne kipimo hicho kilikuwa 1 kabla ya kiungo cha Msata, na baada yake ni 1 vilevile, kwa sababu Morogoro bado inategemea barabara moja tu. Kwa hiyo ukipewa thamani eigeni kubwa ya mtandao wowote, uwe wa barabara, umeme au simu, omba na mgawo wa uzito wa vituo, kisha omba na namba ya Fiedler.