Bango Mkononi, Gharama Vidoleni

Ukipita kwenye zahanati za Kibondo au kwenye mbao za matangazo za Kasulu, utayaona matangazo ya kampeni ya namna moja: mama au kijana ameshika bango kifuani, ametazama kamera, na bango linasema jambo. Mtindo huu unapendwa kwa sababu ujumbe unakuwa na sura ya mtu anayefahamika mtaani. Ila wanaoagiza tangazo la namna hiyo wengi hawaulizi swali linaloamua bei: hayo maneno yaliandikwa lini, kabla ya picha kupigwa au baada yake?

Kabla sijaendelea, tukubaliane majina. Kadi inayoshikwa na mtu nitaiita bango. Karatasi inayobandikwa ukutani nitaiita tangazo.

Njia ziko tatu. Ya kwanza, unaandika kauli yako kwa maka peni kwenye manila, unampa mtu ashike, unapiga picha. Ya pili, mtu anashika manila tupu, na maneno yanawekwa baadaye kwenye kompyuta au simu. Ya tatu, unayo picha ya mtu asiyeshika chochote, na fundi wa grafiki analiunda bango zima na kumtia mkononi. Mteja huona kwamba njia ya pili na ya tatu ni kazi ileile, eti zote ni za kompyuta. Hapo ndipo hela zinapopotea.

Kuandika maneno juu ya karatasi tupu ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni vidole. Mtu anaposhika kadi halisi, dole gumba linakuja mbele, vidole vinne vinabaki nyuma, viwiko vinatoka kidogo pembeni, kivuli cha kadi kinaanguka kwenye nguo, na kivuli cha dole kinaanguka kwenye kadi. Picha ya mtu aliyesimama mikono chini haina hata kimoja kati ya hivyo. Fundi atalazimika kutafuta mikono ya mtu mwingine, ailinganishe na rangi ya ngozi ya mama huyu, akate kila kidole, kisha achore vivuli viwili ambavyo havikuwepo. Akiwa mzuri atakaa saa kadhaa. Akiwa wa haraka, utaona bango linaelea mbele ya kifua kama limegandishwa hewani, na watoto wa shule watacheka kabla hawajasoma.

Tuifanyie hesabu. Tuchukue kikundi cha afya cha kijiji kinachotaka kampeni ya vyandarua, maana wapo waliogeuza chandarua kuwa uzio wa vifaranga. Kauli yao ni «Chandarua ni cha kulalia, si cha kufugia kuku». Wanataka tangazo moja kwa Kiswahili na jingine kwa Kiha, na Kiha hicho kitaeleweka pia kwa wakimbizi kutoka Burundi, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Bei ninazotumia hapa ni za mfano, za kupimia uwiano tu. Fundi wako atakutajia zake. Tuseme manila ni shilingi 1,000, maka peni 1,500, mpiga picha 5,000 kwa kipindi, kuweka maneno kwenye bango tupu 5,000 mara ya kwanza na 2,000 kwa kila badiliko, kuunda bango zima 20,000, na nauli ya kurudi kijijini 10,000.

Kama wangetaka kauli moja tu kwa lugha moja, njia ya kwanza inashinda bila ubishi: manila, peni na picha, jumla 7,500. Njia ya pili inafika 11,000, na ya tatu 20,000 hata kama picha ilikuwepo tayari. Kwa lugha mbili, ya kwanza ni 8,500, ya pili 13,000, ya tatu 22,000. Hadi hapa manila iliyoandikwa kwa mkono bado inaongoza.

Halafu inakuja siku ambayo kila aliyewahi kuandaa kampeni anaijua. Rasimu inapelekwa kwa afisa afya, naye anasema neno moja libadilishwe, kwenye lugha zote mbili. Njia ya kwanza sasa inadai manila mbili nyingine, mpiga picha tena na nauli ya kumfuata mama kijijini: 17,000 juu ya zile za mwanzo, jumla 25,500. Njia ya pili inadai mabadiliko mawili tu, 4,000, jumla 17,000. Njia ya tatu inafika 26,000. Mama mwenyewe anaweza kuwa shambani, au amesuka nywele upya, au amekwenda kumtembelea mwanawe Kigoma Mjini. Picha mbili za kampeni moja zitatofautiana hata ukipata nauli.

Kwa hiyo ushauri wangu uko wazi: kama kauli imeshapitishwa na kila mwenye neno, andika kwa mkono. Kama bado kuna mtu mmoja hajaiona, piga picha na bango tupu. Njia ya tatu iache kwa dharura, pale ambapo mtu hapatikani tena na picha yake ndiyo pekee iliyopo.

Bango tupu nalo lina masharti yake, na mengi hayagharimu kitu. Chagua manila isiyong'aa, ya rangi ya maziwa au kijivu hafifu. Nyeupe kabisa chini ya jua la saa sita inaungua kwenye picha: inakuwa doa jeupe lisilo na kivuli hata kimoja, na maneno ukiyaweka juu yake hayana cha kushikilia. Gundisha nyuma yake kipande cha boksi ili isijikunje, maana karatasi iliyojikunja inataka maneno nayo yapindishwe, na hiyo ni bei nyingine. Mshikaji aweke madole gumba kwenye ukingo tu, asifike katikati. Pembe zote nne zionekane, kwa kuwa fundi atazitumia kulaza maneno sambamba na bango. Simameni kwenye kivuli cha mwembe au upande wa nyumba usio na jua.

Baada ya hapo mtego ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi upande mrefu ukabaki na nukta kama 1,600. Tangazo la A3 lina urefu wa milimita 420, yaani inchi 16 na nusu. Gawanya, utapata nukta 97 hivi kwa inchi, wakati uchapaji wa kuridhisha unataka angalau 150. Maneno yaliyowekwa baadaye yatatoka makali, uso wa mama utatoka na ukungu, na jicho litajua mara moja kwamba viwili hivyo havikuzaliwa pamoja. Tuma picha kama faili, kwa kuchagua Document, au mpelekee fundi kwenye kadi ya kumbukumbu.

Kwenye kompyuta, GIMP ni ya bure na inatosha kwa kazi hii. Maneno yanakaa kwenye tabaka lake, yanalazwa kufuata pembe za bango kwa zana ya Perspective, kisha tabaka linawekwa kwenye hali ya Multiply. Hali hiyo inaruhusu vivuli vya karatasi vipenye kwenye herufi, na ndiyo inayofanya wino uonekane umelowa kwenye manila. Rangi isiwe nyeusi tii. Kijivu kizito au bluu ya maka peni inakaa vizuri zaidi. Kama dole gumba limefunika sehemu ya herufi, herufi ifutwe hapo ili dole lipite juu. Fundi anayesahau hilo moja ameharibu yote.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda kuliko fonti zote. Herufi za kompyuta zilizonyooka kwenye manila ya kijijini zinasema uongo hata zikiwa zimelazwa sawasawa. Mwambie mtu mwenye mwandiko mzuri, na bora awe mshika bango mwenyewe, aandike kauli kwa maka peni kwenye karatasi nyeupe ya kawaida. Ipige picha, ongeza mwanga mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa, iweke juu ya bango tupu kwa Multiply. Weupe wote unayeyuka, mwandiko unabaki. Neno likibadilika, anaandika karatasi nyingine na kuituma, hakuna anayesafiri.

Usimlundikie mtu maneno. Kwenye tangazo la A3 lililosimama, bango mkononi litakuwa na upana wa kama sentimita 10. «CHANDARUA NI» ina herufi 11 na nafasi moja. Ukiacha pambizo, kila herufi inapata milimita saba na nusu za upana, na urefu wake unakuwa sentimita moja hivi. Herufi hiyo inasomwa vizuri na mtu aliye hatua mbili tatu kutoka ukutani, kama aliye kwenye foleni ya dawa. Abiria wa bodaboda hataiona. Ile nusu ya pili, «si cha kufugia kuku», iandikwe chini ya tangazo kwa herufi kubwa, nje ya bango.

Kwa uchapaji, stesheneri ya kawaida yenye printa ya A4 inatosha kwa kubandika ndani. Uliza kama printa ni ya tona au ya wino wa maji, kwa sababu wino wa maji kwenye karatasi isiyolaminishwa hautavumilia mvua za huku za Novemba. Ukihitaji A3 au tangazo la turubai, uliza Kasulu kabla ya kuagiza Kigoma Mjini, na ujumlishe nauli ya kwenda kukagua nakala ya kwanza. Hiyo nakala moja ilipie peke yake; usikubali mia zichapwe kwa kuangalia kioo cha simu.

Limebaki la ridhaa, na njia ya pili ndiyo yenye hatari zaidi. Mtu aliyepigwa picha na bango tupu amekupa hundi iliyosainiwa bila kiasi. Mwezi Mei 2014 Michelle Obama alipiga picha akiwa na kadi ya kudai wasichana waliotekwa Chibok, Nigeria, warudishwe. Siku chache baadaye watu walikuwa wamefuta maneno yake na kuandika yao, na picha hizo zikazunguka dunia. Yake ilikuwa na maneno. Tupu ni rahisi zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia picha ya mtu, kwa hiyo ridhaa iandikwe, na itaje kauli yenyewe kwa lugha zote zitakazochapwa. Wakati wa uchaguzi nisingempa mtu yeyote bango tupu bila karatasi hiyo. Kwa mkimbizi, uso wenyewe unaweza kuwa hatari kwake au kwa ndugu zake waliobaki nyumbani. Hapo piga mikono na bango tu, vidole halisi utakuwa navyo bado.

Fundi akimaliza, chukua faili la bango tupu, lifute kwenye simu yake mbele yako, ubaki nalo wewe. Kisha nakala ya kwanza impelekee mama aisome, na kama hasomi, asomewe na mwanawe, si na mwenye kampeni.